Baba Mdogo Si Kosa la Lugha

Tumechoka kubadilishiwa jamaa zetu kwenye karatasi. Kila mara hati za familia zinapopelekwa nje, kuna mtu anakaa mezani na kalamu yake na kuamua kwamba maneno yetu "wazungu hawatayaelewa". Basi baba mdogo anageuka baba, na ndugu anageuka chochote. Mwenye kalamu anaenda nyumbani akijua amesaidia. Miezi inapita, barua inarudi, na sisi ndio tunaitwa waongo.

Hapa Nakivale tuna wenzetu wawili, dada na kaka yake. Baba yao mdogo alifariki Ubelgiji. Hakuwa na mke wala mtoto, wazazi wake walishatangulia, na aliacha akiba benki. Babu yao alikuwa na wake wawili. Mke wa kwanza alimzaa baba wa wenzetu hawa, kisha akamzaa huyo marehemu wa Ubelgiji. Mke wa pili alizaa wawili, mwanamume na mwanamke, ambao mpaka leo wako Uvira. Baba wa wenzetu yeye alifia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, zamani kabla familia haijahamia huku Uganda.

Mirathi ya mtu aliyekuwa akiishi Ubelgiji kwa kawaida hufuata sheria ya kule, siyo ya Kongo. Sheria ile inasema hivi: marehemu asipoacha mke, mtoto wala mzazi, wanaorithi ni ndugu zake, na ndugu aliyekufa kabla yake anawakilishwa na watoto wake. Lakini ndugu si wote sawa. Mali inakatwa nusu mbili, nusu ya upande wa mama na nusu ya upande wa baba. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja anakula pande zote mbili. Ndugu wa baba mmoja tu anakula upande wa baba peke yake.

Tuhesabu. Tuseme imebaki euro 60,000. Nusu ya mama, 30,000, yote inaenda kwenye tawi la baba wa wenzetu, maana ndiye pekee aliyechangia mama na marehemu. Nusu ya baba, 30,000, inagawanywa kwa matawi matatu, 10,000 kila moja. Kwa hiyo wenzetu wanapata 40,000, yaani 20,000 kila mmoja, na wale wa Uvira wanapata 10,000 kila mmoja. Mtafsiri akiandika "ndugu" kwa wote bila kutofautisha, hesabu inakuwa 20,000 kwa kila tawi, na wenzetu wamepoteza nusu ya haki yao kwa sababu ya neno moja.

Sasa tazameni kilichotokea.

Wazee walikaa kikao cha ukoo, wakaandika muhtasari kwa Kiswahili: "Marehemu ameacha wadogo zake wawili, watoto wa mama mdogo, na watoto wawili wa kaka yake." Sisi sote hapa tunaelewa. Mama mdogo hapo ni mke wa pili wa baba. Lakini mama mdogo pia ni mdogo wake mama, na mtafsiri alichukua maana hiyo bila kuuliza. Kwenye Kifaransa wale wawili wa Uvira wakawa watoto wa dada wa mama yake marehemu, yaani binamu. Na binamu hapati kitu wakati ukoo wa ndugu upo.

Halafu ikaja barua ya utambulisho kutoka kwa shirika. Wenzetu walisema "baba yetu mdogo". Mfanyakazi akafupisha, akaandika "baba yao". Kwa hiyo mtu ambaye rejesta ya Ubelgiji inasema hakuwa na mtoto, ghafla ana watoto wawili Uganda.

Mwisho, cheti cha kifo cha baba yao. Kwenye fomu ya taarifa ya kifo kutoka Tanzania iliyoambatanishwa, mtoa taarifa ameandikwa "mtoto wa marehemu". Aliyetoa taarifa alikuwa mtoto wa kaka mwingine wa ukoo, aliyelelewa pale nyumbani na kumwita papa. Notari wa Brussels akauliza swali ambalo angeuliza mtu yeyote makini: huyu mtoto wa tatu yuko wapi, na kwa nini mmemficha?

Hapo akatokea mjuaji mmoja akawanong'oneza wenzetu: lile kosa la binamu liacheni, si mtakula 60,000 zote? Tunaandika hili hadharani kwa sababu tunajua si wao tu walionong'onezwa. Jibu letu ni hapana. Shangazi na baba mdogo wa Uvira ni damu ya marehemu. Siku wakijitokeza na karatasi zao, kosa la mtafsiri litaitwa ulaghai wenu. Hatuwezi kulalamika kwamba ofisi zinatuibia majina ya jamaa zetu, halafu sisi wenyewe tukawafuta jamaa.

Wengi wanadhani dawa ni kumwomba mtafsiri "arekebishe". Hapana! Mtafsiri aliyeapa anathibitisha kilichoandikwa. Hana ruhusa kuongeza asichokiona, hata kama ni kweli. Kinachorekebishwa ni hati ya asili, kabla haijatafsiriwa. Wazee wetu wawili walirudi kukaa, wakaandika upya kwa kufuata nani alimzaa nani: "Marehemu na kaka yake mkubwa walizaliwa na baba mmoja na mama mmoja. Wadogo zake wawili walizaliwa na baba huyo huyo na mke wake wa pili." Majina kamili ya baba na mama yakawekwa kwa kila mtu. Sentensi hiyo haipotei kwa lugha yoyote, na Kifaransa kina neno lake tofauti kwa kila aina ya ndugu hao.

Kuhusu cheti cha kifo na fomu yake, usiguse kitu. Neno "mtoto" linatafsiriwa mtoto, na jina lililokosewa herufi linabaki na kosa lake. Maelezo yanaenda kwenye kiapo cha pembeni: huyu alikuwa mtoto wa kulelewa, baba yake mzazi ni fulani, mama yake ni fulani. Na kumbukeni, kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Ukikitafsiri vizuri namna gani, kitabaki kibali cha mazishi.

Ninyi wafanyakazi wa mashirika, tunawaheshimu, lakini acheni kufupisha. Mtu akisema baba mdogo, andikeni baba mdogo, kisha muulize: ni mdogo wa baba yako kwa tumbo moja, au kwa baba tu, au mnaitana hivyo kwa heshima? Hilo ni swali la dakika moja. Kukosa kuliuliza kumewagharimu wenzetu muda, wakati kule tamko la mirathi linatakiwa ndani ya miezi 4 tangu kifo kilichotokea Ubelgiji, na kuchelewa kunalipiwa.

Na msituambie "nendeni ubalozi wa nchi yenu". Kifungu cha 25 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinaitaka nchi iliyotupokea itupatie, au ihakikishe tunapatiwa, hati ambazo raia wa kigeni angepewa na serikali yake. Hiyo ni haki, haihitaji huruma ya mtu.

Notari ameandika tena. Safari hii hakuuliza kuhusu mtoto wa tatu. Ameomba anwani ya wale wawili wa Uvira. Tumempa.