Ukurasa Mmoja, Habari Moja

Juma hili tunautazama ukurasa wa biashara katika Instagram, ambao dada zetu wengi huutumia kutafutia wateja. Mgeni aufunguapo hukutana na mambo manne: jina lililokozwa wino, wasifu mfupi, viungo, na maelezo ya picha. Mambo hayo huandikwa kwa siku mbalimbali, lakini mgeni huyasoma kwa mara moja.

Tuchukue mfano wa dada anayetembeza wageni katika kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, lilipo kaburi la Tom Mboya. Jina la ukurasa wake ni "Dagaa wa Rusinga", kwa kuwa alianza na biashara hiyo. Wasifu wasema, "Natembeza wageni, Mbita." Chini ya picha ya kaburi ameandika, "Hapa ndipo alipozaliwa Tom Mboya." Nacho kiungo chafungua makala isemayo kwamba Mboya alizaliwa mwaka 1930 Kilima Mbogo, karibu na Thika, akauawa Nairobi mwaka 1969 na kuzikwa Rusinga.

Mgeni hajui kama anauziwa dagaa au matembezi. Mbita nao ni mji ulio bara, ng'ambo ya daraja. Basi wakutane wapi? Zaidi ya hayo, kiungo alichokiweka dada mwenyewe ndicho kinachomkanusha. Hakukusudia kudanganya, kwani Rusinga ndiko kwenye asili ya wazazi wa Mboya. Amechanganya asili na mahali pa kuzaliwa. Hata hivyo, mgeni aliyeliona kosa hilo ataitilia shaka hata bei.

Dawa yake ni kuandika kwanza sentensi moja: natembeza wageni Rusinga. Kisha kila sehemu ipimwe kwayo. Jina liwe "Matembezi Rusinga", maana jina hilo hutumika katika utafutaji. Lifikiriwe vema kabla, kwani halibadilishwi zaidi ya mara mbili katika siku 14. Wasifu hauzidi herufi 150, nazo zatosha: "Natembeza wageni kisiwani Rusinga hadi kaburi la Tom Mboya. Tunakutana Mbita, penye daraja." Picha iandikwe, "Kaburi la Tom Mboya. Alizaliwa Kilima Mbogo, akazikwa hapa kwa wazee wake." Kiungo cha kwanza kiwe cha kuagiza matembezi, kwa sababu vikiwa vingi ni hicho tu kinachoonekana wazi, makala ifuate. Dagaa wafunguliwe ukurasa wao.

Mwisho, mpe simu mtu asiyeijua kazi yako, kisha umwulize: ninauza nini, wapi, na nitapatikanaje? Akisita, mwulize ni neno gani lililomkwaza, ulirekebishe hilo.