Deni la pembejeo lipangiwe tarehe

Mkulima wa Lushoto anayedaiwa Sh600,000 za mbegu na mbolea asimwambie mwenye duka “nitalipa nikivuna”. Aandike: leo natoa Sh100,000, kisha Sh125,000 kila tarehe 30, kuanzia Juni hadi Septemba, kabichi zinaposhuka Dar es Salaam.

Kifungu kigumu ni cha kukosa rejesho. Mwenye duka atataka salio lote palepale. Sisi tungeomba siku saba kwanza, maana lori huharibika kwenye kona za kuteremkia Mombo. Siku ya nane, salio lote lidaiwe kwa mkupuo: aliyekwama Agosti baada ya kulipa Juni na Julai atadaiwa Sh250,000. Mdaiwa ajue pia kwamba saini yake ni kukiri deni.