'Jumla ni 50k bosi' si invoisi

Wacha niseme hili na najua kuna wasee watanuna. Ukimaliza kazi ya mtu kisha umtumie meseji WhatsApp, 'Kazi imeisha bosi, jumla ni 50k, nimekuwekea na diskaunti,' hujatuma invoisi. Umetuma ombi, na ombi mtu hulijibu vile anataka.

Naongea kwa sababu nimekuwa huyo mse. Kazi ilikuwa ya mkahawa mmoja hapa Nairobi. Picha 20 za menyu, kila moja 1,000. Rili 6, kila moja 5,000. Halafu 3,000 ya usafiri, kwa sababu taa na stendi zangu huwezi kuzipandisha matatu saa ya watu wengi. Hapo ni 53,000. Sasa, kwa vile walichukua rili 6 mara moja, niliwapunguzia 10% kwa rili peke yake. Hiyo ni 3,000. Inabaki 50,000. Kichwani mwangu kila kitu kilikuwa kimepangwa fiti.

Lakini kile niliandika ni hiki: 'Picha na video 53,000. Diskaunti 10%. Jumla 50,000.'

Mhasibu wao alichukua kalkuleta, akapata 10% ya 53,000 ni 5,300, akalipa 47,700. Nilipompigia nikiwa nimewaka, aliniuliza swali moja tu: 'Kijana, hii asilimia kumi ni nani aliiandika?' Sikuwa na jibu. 2,300 zilienda hivyo. Na kinachoniuma ni kwamba 300 kati ya hizo zilikuwa punguzo la nauli. Yaani mwenye gari alilipwa pesa yake yote, na mimi nikampea mkahawa diskaunti ya gari ambalo hata si langu.

Hapo ndipo nilianza kuheshimu jedwali. Kazi ile ile, ikiandikwa vile inafaa, inakaa hivi:

| Maelezo | Idadi | Bei ya moja | Punguzo | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| Picha za menyu | 20 | 1,000 | 0 | 20,000 |
| Rili | 6 | 5,000 | 3,000 (10%) | 27,000 |
| Usafiri | 1 | 3,000 | 0 | 3,000 |
| Jumla kabla ya ushuru | | | | 50,000 |
| VAT | | | | 0 |
| Jumla kuu | | | | 50,000 |

Angalia punguzo limekaa wapi. Limekaa kwenye mstari wa rili, na limeandikwa kwa shilingi, asilimia ikifuata kama maelezo tu. Hakuna mhasibu anaweza kulisukuma likaingia kwa picha ama kwa nauli. Asilimia ikikaa peke yake chini ya hesabu yote, inameza hesabu yote.

Sasa najua vile mtasema. 'Ukimwonyesha mteja bei ya kila kitu, ataanza kukata moja moja.' Hii ndiyo hoja kubwa ya watu wa jumla moja, na sitasema ni ya uongo. Atakata. Lakini ataanza kukata nini? Ukimpa namba moja, kitu pekee anaweza kukata ni hiyo namba: '50k ni mingi, wacha tufanye 40.' Unabaki na picha zile zile 20, rili zile zile 6, na shimo la 10,000. Ukimpa jedwali, akitaka kulipa kidogo lazima aseme ni kazi gani anaondoa.

Na hiyo imenitokea. Mteja mwingine, bei zile zile, oda ile ile. Kabla hatujaanza akasema bajeti imekazwa, anataka rili 4 badala ya 6. Sawa kabisa. Lakini punguzo lilikuwa la kuchukua 6, na nilikuwa nimeandika hivyo chini ya jedwali: 'Punguzo la rili ni kwa oda ya 6 au zaidi.' Kwa hivyo mstari wa rili ukawa 4 mara 5,000, punguzo sifuri, 20,000. Picha zikabaki 20,000, usafiri 3,000. Jumla 43,000. Yeye alikuwa ametarajia 41,000, kwa sababu alikata rili lakini akabaki na diskaunti yake mfukoni. Tuliangalia mstari pamoja kwa simu, dakika mbili, tukamaliza. Hakuna mtu alipandisha sauti. Ningekuwa nimemwambia '50k' peke yake, ningeanza kubishana naye kuhusu hesabu zilizokuwa kwa kichwa changu.

Twende kwa ule mstari wa VAT, kwa sababu hapa ndipo vijana wanajichoma na moto wa kununua. Kuna mtindo wa kuweka 16% chini ya invoisi ndiyo uonekane kampuni. Mse ana simu, laptopu na PIN ya KRA, basi anadhani ana haki ya kutoza VAT. PIN si usajili wa VAT. Usajili wa VAT ni kitu cha kando, na unakuwa wa lazima mauzo yako yanayotozwa VAT yakifika milioni 5 kwa mwaka. Kama hujasajiliwa, Sheria ya VAT ya 2013 inakukataza kutoa invoisi inayoonyesha VAT. Ukifanya hivyo ni kosa, na ule ushuru ulioandika KRA wana haki ya kuudai. Kwa kazi yangu hiyo 16% ingekuwa 8,000 juu ya 50,000. Ungeichukua, uikule, halafu siku moja uulizwe iko wapi. Kama hujasajiliwa, andika sifuri, ama ufute huo mstari kabisa. Sifuri haikuaibishi.

Na kama umesajiliwa, punguzo linatangulia ushuru. Unatoa 3,000 kwanza, unapata 50,000, halafu unatoza 16%, jumla kuu 58,000. Wengine wanatoza 16% kwa 53,000, wanapata 61,480, ndipo wanaondoa 3,000, wanafika 58,480. Hiyo tofauti ya 480 si yako. Ni VAT ya pesa ambayo mteja hakuwahi kulipa, na mhasibu aliyeamka vizuri atairudisha invoisi yako siku hiyo hiyo. Hapo malipo yamesonga tena wiki.

Kuna ushuru mwingine, na huu ndio unaleta drama nyingi zaidi. Unatuma invoisi ya 50,000, benki inaonyesha 47,500, unaingia mtandaoni kulia umeibiwa. Pole pole. Kama mteja ni kampuni na kazi yako inahesabiwa kama ada ya kitaalamu, anatakiwa kukata 5% na kuipeleka KRA kwa jina lako. Kwenye iTax utauona kama Withholding Tax. Hiyo 2,500 ni ushuru wako wa mapato uliolipwa mapema, na unatakiwa upate cheti chake. Siku ya kujaza ritani, kabla ya 30 Juni, unaitoa kwa ushuru unaodaiwa.

Kwa hivyo, wale wa kusema 'ongeza 5% juu ndiyo ikikatwa urudi pale pale,' hamjafanya hesabu hata hiyo ndogo. 50,000 ukiongeza 5% ni 52,500. Wakikata 5% ya 52,500 unapata 49,875. Hujarudi pale pale. Na hata ungerudi, ungekuwa unamtoza mteja ushuru wa mapato yako wewe. Mimi siuweki ndani ya jedwali hata kidogo. Si punguzo, na haupunguzi jumla kuu. Jumla kuu inabaki 50,000, na cheti kinaeleza zile 2,500 zilienda wapi. Anayeuandika kwenye safu ya punguzo anajionyesha kwamba aliuza kazi kwa 47,500, na kesho mteja atamshikilia kwa bei hiyo.

Kitu cha mwisho kabla hamjaenda kutengeneza yenu: jedwali linaweza kukudanganya. Kwenye Google Sheets, ukiweka idadi safu ya B, bei C na punguzo D, mstari wa kwanza unahesabiwa hivi, halafu jumla inafuata:

```
=B2*C2*(1-D2)
=SUM(E2:E4)
```

Ukiandika 10 kwenye D badala ya 10%, rili zako zitakuwa hasi 270,000. Hiyo utaiona, utacheka, utarekebisha. Mbaya ni ile haionekani. Sisi tumezoea kuandika bei na '/=' mwishoni. Ukiandika `5,000/=` kwenye safu ya bei, mashine inaiona kama maneno, na angalau inakupigia kelele na `#VALUE!`. Lakini ukiwa mvivu kwa mstari wa usafiri na kuandika `3,000/=` moja kwa moja kwenye safu ya jumla, `SUM` inauruka mstari huo kimya kimya. Jumla inatoka 47,000, safi, bila alama yoyote nyekundu. Nauli yako ishaenda tena. Weka namba tupu, na neno KSh liandike juu ya safu.

Na mnipe jedwali likubaliwe kabla ya eTIMS, si baadaye. Tangu Januari 2024 kampuni haiwezi kuhesabu malipo yako kama gharama ya biashara bila invoisi ya eTIMS, hata kama wewe hujasajiliwa VAT, ndiyo maana wahasibu wanakusumbua nayo. Unaweza kuitoa kwa simu ukipiga *222#. Lakini ukishaituma huwezi kuifungua na kubadilisha rili 6 ziwe 4. Lazima utoe noti ya kurekebisha kwanza, halafu utengeneze invoisi nyingine, na mhasibu anakusubiri huku ukihangaika.

Yule mteja wa rili 4 nilimtumia jedwali kama kwotesheni kwanza, akajibu 'sawa' kwa maandishi, ndipo nikaingia eTIMS na 43,000. Walipokata 5% iliingia 40,850. Cheti cha zile 2,150 bado nakifuata, na Jumatatu nitampigia mhasibu wake tena.