Pesa Alizipokea Nani?

Chukua mfano wa mwuzaji wa vitunguu katika soko la Kongowea, Mombasa. Jioni anafunga meza na kupeleka shilingi 40,000 kwa wakala wa pesa za simu ili ziingie kwenye akaunti yake. Kijana wa kaunta anahesabu noti, anaandika jina na namba ya kitambulisho kwenye daftari, mteja anatia saini. Kisha kijana anasema, "Mama, mtandao unasumbua. Nenda tu, mtandao ukirudi nitakutumia." Mama anamjua kwa miezi. Anaondoka. Ujumbe wa simu hauji usiku huo, na asubuhi kibanda kina kufuli.

Akipiga simu kwa kampuni, majibu huwa mawili. La kwanza, mfumo hauonyeshi muamala wowote. La pili, wakala ni mfanyabiashara anayejitegemea, kwa hiyo shauri hilo ni la polisi. Majibu yote mawili ni kweli kwa kiasi fulani, na ndiyo maana yanawanyamazisha watu wengi.

Kutoa pesa na kuweka pesa ni kazi mbili tofauti kabisa. Anayetoa huanzisha muamala mwenyewe kwa simu yake: anaingiza namba ya wakala, kiasi na namba ya siri, na mfumo unabaki na alama. Anayeweka hana kitufe cha kubonyeza. Anakabidhi noti, kisha anamngoja wakala ahamishe salio kutoka kwenye floti yake, yaani pesa ya kielektroniki ambayo wakala aliinunua kwa mtaji wake. Noti zinabaki kwa wakala, salio linaenda kwa mteja. Katikati ya mabadilishano hayo kuna dakika chache ambazo mteja hana noti wala salio, na mwenye uwezo wa kuzimaliza ni wakala peke yake.

Hapo kampuni hujenga utetezi wake. Husema: sisi hatukupokea senti, wakala aliuza floti yake kama duka linavyouza sukari. Hoja hiyo ingenishawishi kama isingekuwa jambo moja dogo. Mteja wa M-Pesa hatozwi ada ya kuweka pesa, lakini wakala hulipwa kamisheni kwa kila pesa anayoweka, na anayemlipa ni kampuni. Mwenye duka la sukari halipwi na kiwanda kwa kila kilo ambayo mteja amenunua bila faida juu yake. Anayelipwa na mtu ili apokee pesa za wateja wa mtu huyo anafanya kazi ya huyo mtu, hata mkataba ukimwita jina gani.

Sheria ya uwakala imeshalitazama jambo la namna hii. Mwaka 1912, Baraza la Malodi la Uingereza liliamua kesi ya mjane, Bi Emily Lloyd, dhidi ya ofisi ya mawakili ya Grace, Smith na wenzake. Mjane alikwenda ofisini humo kutafuta ushauri juu ya mali yake, akahudumiwa na karani aliyekuwa akisimamia shughuli. Karani alimpa hati atie saini, kumbe hati hizo zilimhamishia karani mwenyewe mali hiyo. Mwenye ofisi hakujua wala hakufaidika hata kidogo. Bado alitakiwa kulipa. Karani alikuwa amewekwa pale kufanya kazi ya aina ile ile aliyoitumia kuiba, na mjane alimfuata kwa sababu ya jina lililokuwa mlangoni. Kenya, ambayo sheria yake ya mikataba imesimama juu ya sheria ya Uingereza inayotokana na maamuzi ya mahakama, haiwezi kuipuuza hoja hiyo. Badilisha mlango kwa ukuta uliopakwa rangi za kampuni, hati kwa daftari, na uko Kongowea.

Kanuni za Mfumo wa Taifa wa Malipo za mwaka 2014 zinamwajibisha mtoa huduma kwa wateja wake kwa mwenendo wa mawakala, lakini ndani ya mipaka ya mkataba wa uwakala. Maneno hayo machache ndiyo uchochoro. Kampuni itasema mkataba unamkataza wakala kupokea noti bila kukamilisha muamala papo hapo, hivyo alichofanya kijana kiko nje ya mipaka. Mimi nasoma tofauti. Kupokea noti ili ziwekwe ndiyo kazi yenyewe aliyopewa. Alichokatazwa ni kuifanya vibaya. Kama kila katazo lingetoa kosa nje ya mipaka, wizi wote ungekuwa nje, maana hakuna mkataba unaomruhusu wakala kuiba.

Linganisha na benki. Mwongozo wa Benki Kuu ya Kenya juu ya uwakala wa benki, wa mwaka 2010, unaifanya benki iwajibike kwa matendo ya wakala wake hata yasiyoruhusiwa na mkataba, mradi yanahusu huduma hizo. Sasa, kibanda kimoja mara nyingi huwa na mabango yote mawili, la benki na la simu, na kijana ni yule yule. Mama akisema "niwekee benki", analindwa kwa maneno mapana. Akisema "niwekee kwenye simu", anaachwa abishane juu ya mipaka. Sioni sababu yoyote ya maana ya tofauti hiyo.

Kampuni ina hoja moja nzito: huwaambia wateja wasiondoke kabla ya ujumbe kuingia. Katika uwakala, mteja anayejua kikomo cha mamlaka ya wakala hawezi kujifanya hakijui. Lakini ni lazima awe anakijua. Tangazo la herufi ndogo nyuma ya kioo halitoshi, na sharti la mtandaoni ambalo mteja hulikubali kwa kubonyeza namba moja halitoshi kabisa. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 hairuhusu haki za mteja zifutwe kwa makubaliano, na Ibara ya 46 ya Katiba inampa haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Huduma inayomwachia wakala peke yake dakika zile za katikati ina kasoro ya ubunifu, si ya tabia ya kijana tu.

Kuna mipaka ninayoikubali. Mtu akimwachia wakala pesa azitunze kwa wiki, au akimkopesha kwa ahadi ya faida, amefanya biashara yake na rafiki, na bango halihusiki. Vilevile mteja lazima athibitishe kwamba noti zilikabidhiwa, la sivyo wakala na mteja wataweza kula njama na kuidai kampuni. Daftari lenye saini na saa ni mwanzo mzuri. Kilichobaki kiko kwa kampuni: je, mtandao ulikuwa unasumbua kweli, au laini ile ile ilimhudumia mteja mwingine dakika tatu baadaye? Floti ilikuwa kiasi gani saa ile? Kama ilikuwa shilingi 3,200, kijana hakuwa na uwezo wa kuweka 40,000 hata mtandao ungekuwa mzuri, na alijua hivyo alipopokea noti.

Dai la kiasi hiki linaweza kusikilizwa na Mahakama ya Madai Madogo, ambayo hushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Mdai aombe rekodi hizo zitolewe. Kampuni ikilipa, rekodi zile zile zitaisaidia kumdai wakala, ambaye inamjua kwa mkataba, kibali na floti. Mwuzaji wa vitunguu anamjua kwa namba iliyobandikwa ukutani.