Stika ya kura si sanduku la kura

Vijana wenzangu wa Nakivale na wa Mbarara mjini, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma hapa, leo nasema wazi: tuache kuandika "jibu bila woga, hakuna atakayejua ni wewe" kwenye stika za Instagram. Si kweli. Na huku kambini uongo kama huo unaweza kumletea mtu shida.

Twende polepole. Ukibonyeza jibu kwenye stika ya kura, wewe unaona asilimia tu, majina huyaoni. Basi unafikiri hata mwenye ukurasa anaona asilimia tu. Hapo ndipo tunapodanganyika. Yeye anafungua stori yake, anatelezesha kidole kwenda juu, na anakuta orodha: huyu kachagua Ndiyo, yule kachagua Hapana. Stika ya chemsha bongo ni hivyo hivyo, anaona kila mtu na jibu lake, hata aliyekosea. Na kama hukujibu chochote, kufungua stori peke yake kunaingiza jina la akaunti yako kwenye orodha ya waliotazama.

Stika ya maswali ndiyo inayotuponza zaidi. Tunaona ukurasa umeposti swali la mtu bila jina, tunasema "aa, kumbe ni siri". Siri ni kwetu sisi watazamaji tu. Mwenye ukurasa alipopokea lile swali, alilipokea pamoja na jina la akaunti. Na hata bila jina, maneno yenyewe yanasema. Ukiandika "mimi fundi cherehani wa Rubondo, mume wangu alirudi Kongo mwaka jana", majirani wanahitaji nini tena?

Tuchukue mfano. Ukurasa wa vijana unauliza: "Umewahi kuombwa pesa ili jina lako liingie kwenye orodha ya msaada?" Watu 12 wanajibu, 9 Ndiyo, 3 Hapana. Sisi tunaona asilimia 75 kwa 25. Admini anaona akaunti zote 12 na anawajua wale 9. Na admini ni nani? Kwenye vikundi vyetu pasiwedi moja mara nyingi iko kwa watu wanne, watano. Akiwemo mmoja ambaye ni shemeji wa yule anayeomba pesa, inatosha. Apige skrinishoti moja, stori itatoweka baada ya saa 24 lakini ile picha itabaki kwenye simu yake.

Najua mtaniambia: "Sisi tunauliza mambo ya mpira tu." Sawa, ulizeni mpira, sina neno. Wengine watasema: "Anayeogopa afungue akaunti nyingine." Huyo dada anayeazima simu ya kaka yake na kununua bando ya siku moja, ndiye mnamwambia afungue akaunti ya pili? Mzigo ni wa anayeuliza, si wa anayejibu. Hata sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inamtaka anayekusanya taarifa amweleze mtu anachukua nini na kwa sababu gani. Kumwambia "hatukuoni" huku unamwona ni kinyume kabisa.

Msikimbilie kura za WhatsApp mkidhani ndiyo dawa. Kule ni wazi zaidi: kwenye grupu, mtu yeyote akibonyeza "View votes" anaona nani kachagua nini, si admini peke yake. Telegram ina kura ya siri, ambapo hata aliyeiweka haoni majina. Lakini anaweza kuizima siri hiyo anapotengeneza kura, kwa hiyo soma kwanza kilichoandikwa chini ya swali. Fomu ya Google nayo haimwonyeshi mwenye fomu wewe ni nani kama hakuweka ikusanye barua pepe, wala hakuuliza jina au namba ya simu ndani yake.

Kwa hiyo nadai mambo mawili. Kwanza, kila stika ya kura au ya maswali iandikwe juu yake, kwa maandishi yanayosomeka: "Mwenye ukurasa anaona jina lako na jibu lako." Pili, maswali ya rushwa, ya kupigwa nyumbani, ya ugonjwa, ya kabila na ya kesi za ukimbizi yasiwekwe kwenye stika kamwe. Wekeni fomu isiyouliza jina, au sanduku la maoni lenye kufuli pale Base Camp.

Mtasema majibu yatapungua. Yapungue. Afadhali majibu matano ya watu wanaojua nani anawasoma kuliko hamsini ya watu tuliowadanganya.