Video ikikosa watu, tusikimbilie kusema "wachimbaji hawapendi mafunzo"

Sisi wa sendika, hapa Mahagi-Port, tunalisikia neno hilo kila video ya mafunzo inapokosa watu. Hatulikubali. Video inaweza kufa njiani mbele mutu hajaiona, ao mlangoni mbele hajaifungua, ao ndani kisha kuifungua. Kila kifo kiko na dawa yake.

Tuseme tumetia ku YouTube video ya dakika 6 juu ya moshi wa zebaki, ule unaoingia mu mapafu ya watoto baba anapochoma zahabu ku jiko la nyumbani. Tungoje siku mbili, juu hesabu zinachelewa, kisha tufungue YouTube Studio.

Tuanze na njia. Neno Impressions linaonyesha picha ya video ilitokea mara ngapi mbele ya macho ya watu. Kama ni mara 50 tu, hakuna haki ya kulaumu kichwa wala mafunzo: haijafika. Lakini Impressions inahesabu mule mu YouTube tu. Mutu akibonyeza kiungo mu WhatsApp, haimo mu hesabu hiyo. Tumutafute mu Sources de trafic. Na kama watu wanapashana video yenyewe, simu kwa simu, YouTube haioni kitu. Ile unaiita mfu, pengine inazunguka mashimo yote! Njo maana siku ya soko tuulize watu kumi: uliiona wapi?

Tuseme sasa ilitokea mara 4000, ikafunguliwa mara 60. Ni asilimia moja na nusu. YouTube yenyewe inasema nusu ya video zote ziko kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo hii iko chini. Lakini kipimo kizuri zaidi ni video zetu za zamani. Wale 60 walikaa wastani wa dakika 4 kwa 6. Basi mafunzo ni mazima, mlango ndio mbovu. Kichwa kilisema "Mkutano wa kamiti, sehemu ya 2", na picha ni wanaume wamekaa ku meza. Nani atafungua hiyo? Tuandike "Moshi wa zebaki unaingia nyumbani: choma na chombo cha kufunika", tutie picha ya chombo mkononi. Hivyo vinabadilishwa bila kupakia video upya. Tusiguse kingine kwa juma moja, ndipo tujue nini imesaidia.

Kama wengi wanafungua lakini mustari wa watazamaji unaanguka ku sekunde ya 20, pale prezida anasalimia makamu, katibu na wazee wote, tukate salamu. Ukianguka katikati, tuangalie dakika ile yenyewe: pengine sauti ilipotea, ao tuliongea Kifaransa kirefu.

Na kama waliofungua ni kumi na tano tu, mustari ule usitudanganye. Tuirudishe kwanza ku njia, mu vikundi vya wake wa wachimbaji, juu wao ndio wako na lile jiko.