Sababu ni kwa sababu
Nina sentensi ya zoezi la sarufi mbele yangu: "Sababu iliyomfanya arudi tena nyumbani ni kwa sababu alisahau ufunguo." Darasani kosa hili huitwa uziada dondoshi. Sababu imetajwa mara mbili, kwa hiyo moja iondoke: "Alirudi tena nyumbani kwa sababu alisahau ufunguo." Limebaki "tena", na hapo ndipo wanafunzi huteleza. Lifunike kwa kidole, kisha usome. Kama alirudi mara moja tu, hakuna kilichopungua. Lifute, maana kurudi kunatosha. Lakini kama asubuhi aliurudia mwavuli na sasa anaurudia ufunguo, "tena" limebeba habari, na jibu fupi kuliko yote ndilo lenye kosa.